Msimamizi, Mlezi na Kocha: Kila Mlango na Ufunguo Wake



Katika nyumba zetu nyingi, kijana anapopata kazi yake ya kwanza, wazee humpa wasia mmoja: "Tafuta mtu mkubwa wa kukushika mkono." Wasia huo ni mwema, lakini una upungufu. Haumwambii kijana kwamba mikono ya kumshika ni mitatu, nayo haifanyi kazi moja. Kuna msimamizi, ambaye ndiye mkubwa wake kazini. Kuna mlezi wa kazi, mtu aliyemtangulia katika njia ile, anayemwangalia kwa mbali kwa miaka. Na kuna kocha, anayekaa naye kwa muda mfupi ili amsaidie kurekebisha jambo moja. Tumeona vijana wakipoteza miezi kwa kupeleka swali kwa mtu asiyekuwa wake, na wengine wakivunjika moyo kwa kumtarajia mtu jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo. Juma hili tungependa kuwatenganisha watatu hawa, na tutafanya hivyo kwa mfano mmoja tutakaoufuata mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue binti mmoja aliyemaliza chuo hapa Mombasa, akaajiriwa kuwa karani wa hesabu katika kampuni ya uwakala wa forodha. Mkataba wake unasema kwamba miezi 6 ya kwanza ni muda wa majaribio. Kazi yake kubwa, kila mwisho wa mwezi, ni kulinganisha daftari la fedha la kampuni na taarifa ya benki, mpaka vitabu viwili hivyo vikubaliane. Mwezi wa kwanza daftari lilionyesha salio la shilingi 842,300, na taarifa ya benki ikaonyesha 791,050. Vitabu vilipishana kwa shilingi 51,250. Binti alitafuta mchana, akabeba makaratasi nyumbani, akatafuta usiku. Hakumwambia mtu. Siku ya tisa msimamizi wake aliuliza kazi iko wapi, na binti hakuwa na jibu ila machozi.

Nyumbani, mama alimpeleka kwa jirani, mzee aliyefanya kazi ya hesabu bandarini kwa miaka mingi na sasa amestaafu. Binti alimwamkia, akamtandazia karatasi zake mezani. Mzee alizitazama kidogo, kisha akazirudisha. "Mwanangu," akasema, "hesabu hizi ni za kampuni. Si za kutoka nje ya mlango wa ofisi, wala si mimi wa kuzikagua. Mwenye kuzikagua yuko, naye analipwa kwa hilo. Swali langu mimi ni jingine: kwa nini ulikaa siku tisa bila kumwuliza?"

Katika maneno hayo machache mzee alikuwa ameshawatenganisha wote watatu. Hesabu zilikuwa za msimamizi. Mzee mwenyewe alikuwa mlezi. Na lile swali la mwisho, la kukaa kimya siku tisa, lilimhitaji mtu wa tatu.

Tuanze na msimamizi. Huyu ndiye mwenye kutoa kazi, mwenye kuikagua, na mwenye kuandika, muda wa majaribio ukiisha, kama mfanyakazi athibitishwe au asithibitishwe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema muda wa majaribio usizidi miezi 6, na kwamba unaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi 6 mingine iwapo mfanyakazi mwenyewe ameridhia. Sheria hiyo hiyo inataka maelezo ya ajira yawe kwa maandishi, na kazi yenyewe iwe imeelezwa humo. Kwa hiyo mambo mawili ya kwanza ya kumtarajia msimamizi si hisani: ni kuambiwa wazi kazi yako ni ipi, na kuambiwa itapimwa kwa nini.

Kijana asingoje kuambiwa. Katika juma la kwanza aulize, kwa adabu, maswali matatu. Kazi hii ikifanywa vyema huonekanaje? Inahitajika siku gani? Na nikikwama, ningoje muda gani kabla ya kuja kwako? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo lingemwokoa binti yetu. Wasimamizi wengi hawakasiriki kwa kuulizwa. Hukasirika kwa kugundua wamechelewa kuulizwa, kwa sababu wao nao wana mkubwa wao anayesubiri hesabu zile.

Jambo la tatu la kumtarajia msimamizi ni marekebisho yanayotaja kazi yenyewe, na yanayokuja mapema. Binti alipomwendea hatimaye, msimamizi alikaa naye kwa dakika ishirini. Alimwonyesha kwamba tofauti ya 51,250 haikuwa kosa moja, bali mambo manne yaliyochanganyika. Kulikuwa na shilingi 120,000 zilizopelekwa benki siku ya mwisho wa mwezi, ambazo benki ilikuwa haijaziandika. Kulikuwa na hundi za shilingi 72,500 zilizotolewa na kampuni, ambazo wenyewe walikuwa hawajazipeleka benki. Ukichukua 791,050 ya benki, ukaongeza 120,000, ukatoa 72,500, unapata 838,550. Kwa upande wa daftari la kampuni, binti alikuwa hajaandika ada za benki za shilingi 3,300. Ukizitoa katika 842,300, zinabaki 839,000. Sasa vitabu vilipishana kwa shilingi 450 tu.

"Igawanye kwa tisa," msimamizi akamwambia. Mia nne na hamsini ikagawanyika kwa tisa bila kubakiza kitu. "Tofauti ikigawanyika hivyo, shuku kwanza kwamba kuna mahali tarakimu mbili zimebadilishana nafasi." Wakapitia hundi zilizolipwa, na baada ya muda mfupi wakaikuta: hundi ya shilingi 5,940 ilikuwa imeandikwa 5,490 katika daftari. Waliporekebisha, daftari nalo likasoma 838,550. Vitabu vikakubaliana.

Hiyo ndiyo elimu ya msimamizi. Ni ya kazi iliyo mezani, yenye jibu, na inayofundishika papo hapo. Mlezi asingeweza kuitoa kwa haki, kwa kuwa vitabu si vyake. Kocha asingeitoa kwa kuwa si shughuli yake. Lakini msimamizi naye ana mpaka wake. Yeye ni mwalimu na mpimaji kwa pamoja. Anachokifundisha leo ndicho atakachokipima kesho. Kwa sababu hiyo si kila jambo hupelekwa kwake. Kosa la kazi ni lazima ajue, tena upesi. Kwamba umeanza kujiuliza kama kazi ya hesabu inakufaa hasa, hilo si la kumwambia mtu ambaye mwezi ujao atatia saini ya kukuthibitisha. Hatusemi afichwe kwa hila. Tunasema kila neno lina mahali pake.

Utajuaje kwamba usimamizi umeharibika? Si kwa ukali pekee. Wapo wasimamizi wakali wanaofundisha, na wapo wapole wanaokuangamiza kwa kunyamaza. Dalili ya kweli ni kwamba miezi miwili imepita na hujui kama kazi yako ni nzuri au mbaya. Ukifika hapo, omba nusu saa kila juma, siku maalumu, na uende na karatasi yenye mambo matatu: nilichomaliza, kilichonikwama, na ninachohitaji kutoka kwako. Baada ya kikao andika mistari michache ya yaliyokubaliwa, umpelekee. Maandishi hayo hukusaidia kukumbuka, na ikifika siku ya tathmini, hakuna atakayesema hukuambiwa au hukusema.

Sasa tumgeukie mlezi wa kazi. Katika masimulizi ya kale ya Wayunani, Odiseo alipoondoka kwenda vitani alimwachia nyumba yake rafiki mmoja aliyeitwa Mentori, na mwanawe Telemako akawa na mtu mzima wa kumtegemea. Jina la rafiki yule ndilo ambalo Wazungu hadi leo wanamwitia mlezi wa namna hii. Sisi wa pwani hatukuhitaji kulikopa ili tujue jambo lenyewe, kwani mafundi wa majahazi na wa kuchonga milango walilelewa hivyo hivyo. Tofauti ya leo ni kwamba mlezi aghalabu hayuko mahali pa kazi pa kijana, na hana mamlaka juu yake. Huko kutokuwa na mamlaka ndiko kunakompa faida. Kwa kuwa hatii saini popote, anaweza kuambiwa ukweli, na anaweza kuusema.

Mtarajie nini? Mtarajie akuonyeshe njia, si hatua ya leo. Binti wetu alikuwa na maswali ya namna hiyo: aendelee na mitihani ya CPA sasa, akiwa bado katika majaribio, au angoje athibitishwe? Akipewa nafasi ya kuhamia idara ya nyaraka za forodha, itamfungulia mlango au itamtoa katika hesabu? Maswali haya hayana jibu moja lililo sahihi, na mtu aliyeyapitia huyaona kwa jicho jingine. Mzee yule hakumwambia afanye nini. Alimweleza jinsi yeye alivyosoma usiku akiwa kazini, alichokipata na kilichomgharimu, kisha akamwuliza, "Nyumbani kwenu, nani atakupokea kazi za jioni siku za mitihani?" Binti hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Kathy Kram, aliyechapisha kitabu juu ya ulezi wa kazini mwaka 1985, alieleza kwamba uhusiano huu hupita vipindi vinne: kuanza, kukua, kutengana, kisha kugeuka kuwa uhusiano wa namna nyingine, mara nyingi urafiki wa watu walio karibu kuwa sawa. Tunalitaja hili kwa sababu ya kipindi cha tatu. Vijana wengi hudhani kwamba siku wanapohitaji kumwendea mzee mara chache wamekosa shukrani, na wazee wengine hudhani wametupwa. Kutengana huko si utovu wa adabu. Ni dalili kwamba kazi ya kulea imefanyika. Kinachotakiwa ni kwamba kijana arudi kusema ameishia wapi, na ashukuru.

Anayeuendesha uhusiano huu ni kijana, si mzee. Ni yeye wa kuomba nafasi, labda mara moja kila mwezi au miezi miwili, na kwenda na swali moja aliloliandika. Akienda bila swali, mazungumzo yataishia kwenye habari za mtaa. Naye asiende kumwomba mlezi kazi wala fedha. Mlezi akiona mwenyewe kwamba amfikishe mahali au ataje jina lake kwa mtu, atafanya kwa hiari. Akiombwa hilo katika kikao cha pili, ataona kwamba hakuendewa kwa ajili ya nasaha. Na kwa binti anayelelewa na mwanamume asiye maharimu wake, au kijana wa kiume anayelelewa na bibi, vikao viwe mahali pa wazi na nyumbani wajue. Hilo humlinda mlezi kama linavyomlinda mwanafunzi.

Ulezi huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni mlezi kutaka nakala yake, kila ushauri ukawa ni kufanya kama alivyofanya yeye, katika ofisi ambazo hazifanani tena na zake. Ya pili ni kijana kuacha kuamua: hawezi kujibu barua kabla hajapiga simu kwa mzee. Ukijiona unamwomba mlezi ruhusa badala ya rai, umeshapotea njia.

Tunabaki na kocha, ambaye ndiye hafahamiki sana kwetu nje ya uwanja wa mpira. Kocha wa kazi hafundishi hesabu, wala si lazima azijue. Hatoi historia ya maisha yake. Anachukua jambo moja katika mwenendo wako wa kazi, mkakubaliana juu yake, na kwa vikao vilivyohesabiwa anakuuliza maswali na kukupa mazoezi mpaka jambo hilo libadilike. Kisha anaondoka. Kijana mwanzoni mwa kazi ni nadra kuwa na kocha wa kulipwa, lakini baadhi ya ofisi humpa mfanyakazi mzoefu wa idara nyingine aliyefunzwa kazi hiyo. Binti wetu alipewa bibi mmoja wa nyaraka za forodha, kwa vikao sita vya dakika arobaini na tano, kila baada ya majuma mawili.

Makocha wengi hufuata mpango wa hatua nne uliosambazwa na Mwingereza John Whitmore katika kitabu chake cha mwaka 1992: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, na azma. Tuone ulivyokwenda. Lengo: bibi alimwuliza anataka nini kiwe kimebadilika baada ya miezi mitatu. Binti alisema, "Nisiogope." Bibi hakuridhika, kwa kuwa hofu haipimiki. Wakalichonga lengo mpaka likawa hivi: nikikwama, msimamizi ajue kabla ya siku moja kwisha. Hali ilivyo: mara ya mwisho ulikaa siku ngapi? Tisa. Siku ya kwanza ulijiambia nini? Kwamba nitapata mwenyewe. Siku ya nne? Kwamba sasa nimechelewa mno hata kuuliza ni aibu. Hapo binti mwenyewe aliona kwamba aibu ilikuwa ikikua kila siku aliyonyamaza, na kwamba siku ya kwanza ndiyo ilikuwa nafuu kuliko zote.

Njia zilizopo: bibi alimtaka ataje njia tano, hata za upuuzi, kabla ya kuchagua. Alichagua kanuni moja: nikitafuta tofauti kwa saa moja bila kuipata, nainuka. Azma: utaanza lini, na utasema maneno gani? Wakayatunga maneno, na binti akayatamka kwa sauti mara kadhaa mle chumbani: "Tofauti ni shilingi kadhaa. Nimeshaangalia hundi na amana. Sijaangalia ada. Naomba dakika kumi." Mwezi uliofuata vitabu vilipishana tena, kama vinavyopishana kila mwezi, na saa moja ilipokwisha aliinuka. Kikao cha sita kilipofika hapakuwa na mengi ya kuzungumza, wakaagana.

Kwa kocha kuna jambo moja la kuwekwa sawa kabla ya kikao cha kwanza: nani ataambiwa nini. Ikiwa kampuni ndiyo iliyomtoa, msimamizi anaweza kutaka habari. Kilicho sawa ni wote watatu wakubaliane mapema kwamba msimamizi atajua lengo na idadi ya vikao, lakini yaliyosemwa ndani yatabaki ndani, isipokuwa likitokea jambo la hatari au la kuvunja sheria. Makubaliano hayo yakikosekana, kijana atasema mazuri tu, na vikao vitakuwa bure. Ujihadhari pia na anayejiita kocha ilhali hana lengo la kupimika, hana siku ya mwisho, na anaahidi cheo. Na ikiwa kilichomlemea kijana ni huzuni au msiba unaomnyima usingizi, huyo si wa kocha. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya.

Yatokea pia mtu mmoja akavaa kofia mbili. Kwetu hutokea zaidi pale kijana anapoajiriwa katika duka au kampuni ya ami au mjomba. Wazazi huona wamepata mwajiri na mlezi kwa pigo moja. Lakini mjomba anayekulipa mshahara hawezi kuwa mtu wa kumwuliza kama uondoke kwake. Si kwamba ni mbaya. Jibu linamhusu mno. Tungewashauri wazazi, katika hali hiyo, wamtafutie kijana mlezi nje ya ukoo, na mjomba aachwe awe msimamizi kamili, mwenye haki ya kukemea bila kesi kufika kwa bibi.

Kwa hiyo kijana akipata tatizo, kabla ya kuinua simu, ajiulize: jambo hili ni la kazi iliyo mezani, ni la njia ndefu, au ni la tabia yangu moja inayonirudisha nyuma? La kwanza ni la msimamizi, la pili ni la mlezi, la tatu ni la kocha. Na akikutana na mtu asiyejua amweke wapi, amwulize kimoyomoyo maswali matatu: huyu atatia saini juu yangu? Nani anayechagua tunachozungumza? Na haya yanaisha lini? Mwenye saini ni msimamizi. Ambaye maneno yake huanzia kwenye maswali yako, na hayana siku ya mwisho, ni mlezi. Mwenye lengo moja na siku ya kuagana ni kocha.

Binti wetu alithibitishwa mwezi wa sita. Siku aliyopata barua alipitia kwa jirani kabla ya kufika nyumbani. Mzee aliisoma, akaikunja, akamrudishia. "Sasa," akasema, "tuzungumze habari za mitihani."